Msako wa GPS uanzie mlingotini

Mhariri,

Walimu wenzangu wa jiografia wengi wanapoandaa somo la kusaka vitu kwa GPS kwenye eneo la shule, huwagawia wanafunzi simu na kuwaachia waanze kusaka. Nawaomba wabadilishe andalio lao: robo saa ya kwanza darasa zima lisimame mahali pamoja, kwa mfano chini ya mlingoti wa bendera, na kila kundi liandike latitudo na longitudo inayosomeka kwenye simu yake.

Namba hazitalingana, na somo limo humo. Katika darasa langu kundi moja lilipata latitudo inayoishia na 42 kwenye nafasi ya nne na ya tano za desimali, jingine likapata 48. Wakaanza kubishana simu ya nani ni mbovu. Tukapiga hesabu ubaoni: nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo nafasi ya tano ya desimali ni kama mita moja na kitu. Tofauti ya 6 ni karibu mita saba. Hakuna simu iliyokuwa mbovu. Hata chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea mita kadhaa.

Hesabu hiyo ndiyo inayomwongoza mwalimu wakati wa kuficha kadi ambazo makundi yatazisaka. Mara ya kwanza niliwaandikia latitudo na longitudo za maficho kwa nafasi tatu tu za desimali, yaani hatua za mita 111, na karibu shule yetu yote ikawa nukta moja! Andika nafasi tano, na tenganisha maficho kwa mita 20 au zaidi, la sivyo kundi litaokota kadi ya wenzao.

Kuta nazo zina hila yake. Kadi moja niliificha nyuma ya jengo la ghorofa, na makundi matatu yakaishia upande wa pili wa jengo. Ukuta huziba baadhi ya setilaiti, na mawimbi ya nyingine huifikia simu baada ya kugonga ukuta, yakiwa yamesafiri njia ndefu kuliko ile ya moja kwa moja. Utaligundua hilo mapema ukisimama tuli na kuona namba zinahamahama. Hapo pasifichwe kitu.

Kwa wanaohofia bando, kipokezi cha GPS hakihitaji intaneti kusoma mahali ulipo. Picha ya ramani ndiyo inayoihitaji. Simu isiyo na data huchelewa tu kuzinasa setilaiti, basi iwashwe nje dakika chache kabla ya kipindi.

Dakika 20 za mwisho turudi darasani. Kila kundi lichore kwenye karatasi ya miraba mahali simu ilipolielekeza na mahali kadi ilipopatikana, kisha lipime umbali kati ya nukta hizo mbili na kuandika sababu yake.

Mwalimu wa jiografia