Asilimia 50 ya nini? Kunyoosha ujumbe unaosindikiza kwotesheni

Sentensi hii iliandikwa na seremala wa makabati ya jikoni, kwenye ujumbe wa simu aliouambatanisha na kwotesheni yake:

"Malipo ni 40% kuanza kazi, kisha salio 50% makabati yakifika, na linalobaki kazi ikikamilika."

Seremala anaielewa bila shida. Kwake jumla imegawanywa 40, 50 na 10. Mteja wake naye anaielewa bila shida, ila anachoelewa ni kitu kingine: anatoa 40, zinabaki 60, nusu ya hizo 60 anaitoa makabati yakifika, na nusu iliyobaki anaitoa mwishoni. Kwake mgawanyo ni 40, 30 na 30. Hesabu zote mbili zinafika 100, na hakuna hata mmoja aliyesoma vibaya.

Tuchukue jumla ya 1,200,000. Malipo ya kwanza ni 480,000 kwa usomaji wowote. Malipo ya pili ni 600,000 kwa seremala na 360,000 kwa mteja. Ya mwisho ni 120,000 kwa seremala na 360,000 kwa mteja. Tofauti ni 240,000, na inajitokeza siku gari limesimama nje na makabati yamo ndani yake.

Kinachofanya kosa hili liwe sugu ni hizo 480,000 za mwanzo. Kwa kuwa pande zote mbili zinakubaliana juu yake, mteja analipa, seremala anashukuru, mbao zinanunuliwa, na kila mmoja anaamini wanaelewana. Sentensi mbovu inapita mtihani wake wa kwanza bila kujulikana. Ndiyo maana hatumwamini mtu anayetuambia ujumbe wake uko sawa kwa sababu wateja hulipa malipo ya awali bila kuuliza chochote.

Kwa hiyo tunapopokea ujumbe wa aina hii kuuhariri, tunaanza na swali moja: hii asilimia ni ya nini? Jibu letu huwa halibadiliki. Asilimia zote zihesabiwe kwenye jumla, na jambo hilo liandikwe wazi mara moja, kabla ya asilimia ya kwanza kutajwa. Neno "salio" tunaliondoa kabisa. Hata malipo ya mwisho hatuyaiti "kinachobaki", tunayapa asilimia yake na kiasi chake. Seremala anaweza kusema mteja atajumlisha mwenyewe, lakini mteja hana sababu ya kupiga hesabu ili ajue anadaiwa nini. Kila anapopiga hesabu hiyo, anaipiga kwa usomaji wake.

Kiasi ndicho kinachokata maneno. Asilimia inaweza kusomwa kwa namna mbili, lakini 600,000 ni 600,000. Tunaweka kiasi mbele na asilimia kwenye mabano, maana mteja atakapofungua simu siku ya kulipa, kiasi ndicho atakachokuwa anakitafuta.

Kuna waandishi wengine wanaojumlisha wanapokwenda: "40% mwanzo, 90% makabati yakifika, 100% mwisho." Wanamaanisha kwamba hadi hatua ya pili mteja awe ameshalipa 90. Msomaji anayejua ujenzi anaweza kulielewa hilo. Msomaji wa kawaida anaona 40, 90 na 100, anajumlisha 230, anapiga simu kuuliza. Huyo angalau ameuliza. Penye kiasi kwa kila hatua, mkanganyiko huu haupati nafasi.

Swali linalofuata ni jumla yenyewe. Kama kwotesheni ina mstari wa bei kabla ya kodi na mwingine baada ya kodi, 40% ina maana mbili tena. Ujumbe utaje jumla moja tu, ile ambayo mteja ataitoa mfukoni, na useme kodi imo. Mchanganuo wa ndani ubaki kwenye kiambatanisho.

Sasa tuje kwenye hatua zenyewe, maana asilimia safi ikifungwa kwenye tukio lisiloeleweka bado ni ugomvi. "Kazi ikikamilika" ni maneno ambayo tungeyapiga marufuku kama tungekuwa na uwezo. Makabati yamefungwa ukutani, lakini vishikio viwili havijaletwa. Je, kazi imekamilika? Fundi mwingine wa mteja hajaweka meza ya mawe juu yake, kwa hiyo jiko halitumiki. Imekamilika? Seremala atasema ndiyo na mteja atasema hapana, na kila mmoja ana haki yake. Hatua nzuri ni ile ambayo watu wawili wakisimama mahali pamoja siku hiyohiyo wataona kwa macho kama imetokea au haijatokea, na ambayo haitegemei fundi wa tatu. Kwa makabati tulikubaliana na seremala kwamba malipo ya mwisho yanafika pale kila mlango na kila droo inapofunguka na kufungika mbele ya mteja. Vishikio vikiwa havipo, mlango haufunguki vizuri, basi hapo jibu linajileta lenyewe.

"Makabati yakifika" nayo ina mtego. Kabla ya kushushwa au baada? Kabla mteja hajayaona au baada? Seremala anataka fedha zake kabla ya kuyafunga, kwa sababu kabati lililotengenezwa kwa vipimo vya jiko moja ni vigumu kuuzwa kwa mtu mwingine, na likishagongwa ukutani ni vigumu zaidi. Mteja naye anataka ayaone kabla ya kutoa nusu ya jumla. Matakwa haya hayagongani hata kidogo. Yalihitaji tu kuandikwa: yakishafika na kukaguliwa, kabla ya kuanza kufungwa.

Huu ndio ujumbe ulivyotoka:

Habari za leo. Naleta kwotesheni namba 27 ya makabati ya jikoni, kama tulivyozungumza siku ya vipimo. Jumla ni 1,200,000, kodi ikiwemo. Malipo ni mara tatu, na asilimia zote zinahesabiwa kwenye jumla hiyo.

Malipo ya kwanza: 480,000 (40%), ukishakubali kwotesheni, kabla hatujanunua mbao.

Malipo ya pili: 600,000 (50%), makabati yakishafika kwako na ukayakagua, kabla hatujaanza kuyafunga.

Malipo ya tatu: 120,000 (10%), makabati yakishafungwa, na kila mlango na droo kufunguka na kufungika mbele yako.

Siku 21 za kutengeneza zinaanza siku tunapopokea malipo ya kwanza. Kazi ya ziada itakuwa na kwotesheni yake.

Ni mrefu kuliko ule wa mwanzo, na seremala alilalamika kidogo juu ya hilo. Ila kila malipo yana mstari wake, na mpangilio haubadiliki: kiasi, asilimia, tukio. Hatukutumia jedwali. Kwenye barua pepe jedwali linapendeza, lakini likinakiliwa kwenye ujumbe wa simu safu zake huvurugika, na kiasi cha hatua moja kinaweza kuangukia mstari wa hatua nyingine.

Kabla ya kutuma, fungua kiambatanisho. Hapa ndipo tunapokuta makosa mengi kuliko kwenye ujumbe wenyewe. Kwotesheni nyingi hutengenezwa kwa kufungua ya mteja aliyepita na kubadilisha jina na bidhaa, huku masharti ya malipo yaliyo chini kabisa yakisahaulika. Ujumbe unasema 40, kiambatanisho kinasema 60, na mteja atashika kile kinachomfaa. Sisi hunakili mistari mitatu ya malipo kutoka kwenye ujumbe na kuibandika ndani ya kwotesheni, neno kwa neno, bila kuifupisha. Namba ya kwotesheni iwe kwenye vyote viwili, ili ujumbe usije ukasomwa pamoja na kwotesheni ya zamani.

Pia jumlisha viasi, sio asilimia peke yake. Anayegawa kwa tatu huandika 33% mara tatu na kuacha 1% hewani, ambayo kwenye jumla yetu ni 12,000. Katika mgawanyo wa namna hiyo ni afadhali kuandika viasi vitatu vya 400,000 na kusema "theluthi moja".

Ujumbe mzuri huharibika zaidi mteja anapoomba punguzo. Tuseme mteja wa makabati anaomba apunguziwe 100,000, na seremala anajibu "Sawa, nimepunguza." Imepungua wapi? Kama uwiano unabaki, jumla mpya ya 1,100,000 inagawanyika kuwa 440,000, 550,000 na 110,000. Kama punguzo lote linatolewa mwishoni, inakuwa 480,000, 600,000 na 20,000. Katika njia hii ya pili kile kilichoandikwa 10% kimeshuka hadi chini ya 2%, na mteja amebaki bila kitu cha maana cha kushikilia hadi milango ifunguke. Wengine watakubali hivyo, wengine watajihisi wamechezewa. Ushauri wetu ni kutojibu punguzo kwa sentensi moja. Tuma ujumbe mzima upya, namba mpya ya kwotesheni, mistari mitatu mipya, na useme kwamba ule wa kwanza hautumiki tena. Kama malipo ya kwanza yalishapokelewa kwa kiasi cha zamani, yaandike kama yalivyopokelewa, kisha onyesha viasi viwili vilivyobaki.

Kazi ya ziada ni rahisi zaidi. Mteja akiongeza kabati moja katikati ya kazi, usiingize bei yake kwenye jumla ya zamani, maana asilimia zote zitahama na malipo yaliyokwisha kutolewa yataonekana pungufu. Ipe kwotesheni yake na malipo yake.

Kuna jaribio moja tunalofanya kwa kila ujumbe kabla haujatoka kwetu. Tunampa mtu asiyeijua kazi hiyo, bila kiambatanisho, na kumwuliza: makabati yamefika leo, mteja anatoa kiasi gani, na anakitoa kabla au baada ya nini? Akijibu kwa kunyoosha kidole kwenye mstari mmoja, tunautuma. Akianza kutafuta kikokotoo, tunaurudisha mezani. Tunauliza hatua ya katikati kwa makusudi, kwa sababu ya kwanza karibu kila mtu huipata.

Ukitaka tuusome ujumbe wako, tuletee pamoja na kwotesheni yenyewe, na utueleze kwa maneno yako unatarajia kupokea kiasi gani katika kila hatua. Usituandikie asilimia hapo, andika viasi. Tutalinganisha ulichosema na kile ambacho ujumbe unasema.