Gunia la elfu hamsini linarudisha hela likiuzwa bei gani?

Kila Juni simu ni zilezile: "Kaka, mahindi yameshuka hapo Kibaigwa, nikutumie hela uniwekee gunia hamsini mpaka Januari?" Ghala ni letu na kuhifadhi ndiyo biashara yetu, lakini kabla ya kupokea hela huwa tunakaa na mteja tupige hesabu. Wengine hesabu hiyo inawarudisha nyumbani, na ni sawa.

Chukua mfano wa mama mmoja aliyetuletea gunia 50 za kilo mia. Alinunua mwenyewe shambani, elfu hamsini kila moja, yaani milioni mbili na nusu. Bei kweli ilikuwa ya chini. Tulipochoma kipima unyevu, kikasoma asilimia 18. Mahindi ya kuweka yanatakiwa yawe 13, na yakizidi 13.5 hatuyaingizi ndani.

Kushusha unyevu kutoka 18 hadi 13 maana yake ni kupoteza uzito. Kila kilo mia zinabaki kama 94. Kwa hiyo zile kilo 5,000 zilipotoka kwenye turubai zilikuwa 4,712 hivi. Karibu gunia tatu zilikuwa maji aliyoyalipia bei ya mahindi.

Kama huna kipima, chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, weka mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita 15, usinunue kwa bei ya mahindi makavu. Isipoganda bado usishangilie, kwa sababu chupa haiwezi kutofautisha 14 na 13. Itakuambia mahindi mabichi ni yapi, basi.

Sisi tunatumia mifuko ya kinga njaa: plastiki mbili ndani, kiroba nje. Unakamua hewa, unasokota mdomo wa kila plastiki, unakunja na kufunga kwa kamba. Dumuzi waliomo wanamaliza hewa yao wenyewe na kufa, hakuna dawa. Lakini mfuko huu haukaushi kitu. Ukifungia mahindi mabichi, utafungua baada ya miezi mitatu ukutane na harufu ya uchachu na punje zilizoshikana kwa ukungu. Na panya akitoboa plastiki zote mbili, kinga imekwisha, ndiyo maana tunapanga juu ya chaga, mbali na ukuta, na kila wiki mtu anazunguka na tochi. Unga mweupe chini ya gunia ni dalili kwamba dumuzi yuko kazini.

Kitu ambacho tochi haikioni ni sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu huku Dodoma na Manyara, na sufuria haiiondoi hata uchemshe ugali kutwa. Kuchambua punje zilizovunjika na zenye rangi kunapunguza, hakumalizi. Mahindi yaliyopigwa na ukame shambani tunayaogopa zaidi, hata yakiwa makavu.

Turudi kwa mama. Usafiri, kuanika, kupepeta, mifuko na ghala la miezi sita vilikuja kama elfu kumi na mbili kwa kila gunia alilonunua, jumla laki sita. Sasa amezika milioni 3.1. Tukitoa asilimia moja ya upotevu wa kawaida, anabakiwa na kilo 4,665. Gawanya: shilingi 665 kwa kilo. Yaani kila gunia kavu la kilo mia lazima liuzwe 66,500 ndipo arudishe hela yake tu, bila faida ya hata soda. Kama ile milioni mbili na nusu ingekuwa mkopo wa asilimia tatu kwa mwezi, riba ya miezi sita ni 450,000, na bei inapanda hadi kama 76,100.

Bei itafika hapo? Miaka mingi hupanda kuanzia Desemba mpaka mavuno mapya yakaribie. Lakini mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, na walioweka wakisubiri wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka wakabaki na maghala yaliyojaa. Vuli nzuri kaskazini nayo inaingiza mahindi mapya Januari na Februari, na NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, ikifungua akiba yake, bei hukaa kimya.

Kwa hiyo mteja wetu tunamwandikia karatasini namba mbili kabla hajalipa: bei ya kurudisha hela, na bei ambayo ikifika anauza nusu ya mzigo bila kusubiri zaidi. Yule mama aliandika 75,000. Ilipofika katikati ya Januari akauza gunia 24, zilizobaki tukazifunga upya.