Laki nne na themanini kwa mwezi: ndani yake kuna nini?

Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule moja alinirudishia karatasi yetu ya bei ya kukodisha mashine ya fotokopi akiwa amezungushia namba moja kwa kalamu nyekundu. "Kaka, mashine yenyewe dukani ni milioni tano na laki nne. Nyie mnataka laki nne na themanini kila mwezi, miaka mitatu. Hiyo si milioni kumi na saba?"

Hesabu yake ni sahihi, ni 17,280,000. Ila analinganisha mashine tupu na mashine yenye tona, vipuri na fundi, bila karatasi. Kwa hiyo tulikaa tukaifungua bei yetu mbele yake, na wewe unaweza kuifungua hivyohivyo kwa mkodishaji yeyote.

Tulianza na mashine. Hii ni fotokopi iliyotumika na kufanyiwa matengenezo, ya 5,400,000. Baada ya miaka mitatu tunatarajia kuiuza 1,800,000, kwa hiyo inapoteza 100,000 kwa mwezi. Ongeza riba ya fedha iliyolala humo, tuseme asilimia 18 kwa mwaka, wastani wa 54,000 kwa mwezi. Jumla 154,000.

Kisha kopi. Kasha la tona la 120,000 limeandikwa kurasa 20,000, yaani shilingi 6 kwa kopi. Lakini hesabu hiyo ya kiwandani inachukulia kwamba wino unafunika asilimia 5 tu ya ukurasa, kama barua fupi. Mtihani wa jiografia wenye ramani unaweza kufika asilimia 10, na kasha likaisha kwenye kurasa 10,000. Kwa shule tunapiga shilingi 12. Vipuri vinavyochakaa, yaani dramu, fyuza na rola, tunaviwekea shilingi 5 kwa kopi. Jumla 17, na kwa kopi 8,000 za mkataba ni 136,000. Fundi kupita mara moja kwa mwezi, 40,000.

Hapo tumefika 330,000. Inayobaki, 150,000, ndiyo bei ya bima na faida yetu: bodi ikiungua tunanunua sisi, na mashine ikilala tunaleta nyingine. Hiyo ndiyo sehemu ya kubishania. Ukitaka kuiona kwa mkodishaji asiyependa kufungua hesabu, omba bei mbili kwa maandishi, moja ya mashine pekee na nyingine yenye huduma. Tofauti yake ilinganishe na tona, vipuri na fundi kwa matumizi yako mwenyewe.

Je, 150,000 ni ghali? Ofisi inayochapa kopi 2,000 na yenye duka la steshenari mlango wa pili, ningeiambia isikodi kabisa. Shule ni tofauti. Mashine ikifa wiki ya mitihani na kopi 4,000 zikapelekwa mtaani kwa shilingi 100, ni 400,000 zimetoka kwa siku chache, achilia mbali mitihani kuonwa na macho yasiyohusika. Lakini bima hiyo ina thamani tu kama mkataba unataja saa za kuleta mashine mbadala. "Fundi atafika ndani ya saa nne" haitoshi. Fundi anaweza kufika, akatikisa kichwa, akaondoka kwenda kuagiza kipuri.

Kilichomuumiza zaidi mwalimu wala hakukizungushia. Mkataba uliruhusu kopi 8,000 kwa mwezi, na kila ya ziada shilingi 40. Shule yake huchapa kopi 7,000 miezi minane, 15,000 miezi miwili ya mitihani, na 1,500 miezi miwili ya likizo. Kwa mwaka ni 89,000, chini ya 96,000 anazozilipia. Hata hivyo, kwa kusoma kaunta, yaani namba ya kopi ambazo mashine imetoa, kila mwezi angelipa ziada ya kopi 14,000, sawa na 560,000, huku kopi za likizo zikipotea bure. Tulibadilisha sentensi moja, ziada ihesabiwe kwa mwaka, na kopi moja ikashuka kutoka kama shilingi 71 hadi 65. Nakiri, asingeuliza, karatasi yetu ingebaki ilivyokuwa.

Kabla ya kusaini tazama pia yasiyomo. Hitilafu ya umeme kwa kawaida huwekwa nje ya huduma, na umeme wetu unaujua, kwa hiyo kubaliana nani ananunua stebilaiza. Uliza kama bei ina VAT, maana asilimia 18 juu ya 480,000 ni 86,400. Na siku mashine inashuka kwenye gari, chapeni ukurasa wa kaunta mbele ya fundi, msaini wote wawili. Mashine iliyotumika inaweza kuja na kopi laki tatu tayari, na hizo si zako.