Kuhusu yaliyotokea kwenye kipindi cha takwimu, naomba tuongee

Shikamoo Dokta,

Samahani kwa meseji ndefu. Nimekaa nayo tangu Jumanne, nikaona bora nikwambie wewe mwenyewe kabla sijaipeleka popote, mana kusema kweli sitaki ikuzwe, nataka tu tuelewane.

Jumanne uliniita ubaoni nitafute variansi ya zile namba tano, 4, 6, 8, 10 na 12. Wastani nilipata 8, hapo sikukosea. Af nikatoa wastani kwenye kila namba nikapata -4, -2, 0, 2 na 4, nikajumlisha hivohivo bila kuzipiga kipeo cha pili kwanza, jibu likaja sifuri. Nilikosea, sibishi, na nilivorudi chumbani niliirudia nikaona kwamba tofauti za namba na wastani wake ukizijumlisha lazima zije sifuri siku zote, yani hata ungenipa namba zingine ningeangukia palepale. Ukizipiga kipeo cha pili unapata 40, unagawa kwa 4 inakuja 10.

Shida yangu ni yale maneno. Nlikuwa bado nimeshika maka peni ukasema, "Sifuri imejiandika yenyewe, imeona kichwa cha mwenzie." Darasa likacheka. Nikasema moyoni ni utani, yaishe. Ila nilipouliza kwa nini tunagawa kwa 4 wakati namba ziko tano, hukujibu swali, ukawageukia wenzangu ukasema, "Huyu nani alimpitisha mpaka akafika chuo? Mtu anaongea kama yuko kwao anachunga, atajua takwimu?" Nilirudi kukaa, na mpaka kipindi kinaisha sikuandika kitu, daftari langu la siku hiyo limeishia kwenye tarehe.

Maneno hayo niliyaandika jioni ileile ili nisije nikayaongezea chumvi baadae. Inawezekana neno mojamoja limenipita, ila maana yake ndo hiyo, na waliokaa mbele wameyasikia.

Kukosolewa sijakataa Dokta. Wiki mbili nyuma ulinirudishia kazi yangu imejaa wino mwekundu, ukaandika "rudia yote", nikarudia, na nilijifunza kuliko kama ungenipa maksi za huruma. Ile ilikuwa kazi yangu inasemwa. Jumanne kilichosemwa ni kichwa changu na lafudhi yangu, na lafudhi hata nikikesha nasoma haitaniondoka. Tena niseme na la kwangu, siku ile nilichelewa kama dakika kumi na nikapita mbele yako unafundisha, labda ulikuwa umeshakereka. Kwa hilo naomba radhi.

Kinachonisumbua zaidi ni kilichofata. Sahivi kwenye grupu la wasap la darasa naitwa Sifuri. Jana nimeuliza tarehe ya kukusanya kazi, mtu akajibu "Sifuri uliza mchungaji mwenzio", wengine wakamwaga vikatuni vya kucheka. Najua hukuwatuma, lakini wamelitoa kwako, na wanaona ni ruhusa. Alhamisi nilikuwa na swali lingine kabisa nikanyamaza nalo, na nikiangalia hata wale wawili watatu waliokuwa wanauliza uliza siku hizi wametulia.

Naomba dakika 20 tu, mimi na wewe, sio darasani wala koridoni watu wakipita. Nikija sina nia ya kudai maksi, na wala sikuombi uniombe radhi mbele ya darasa, hiyo ni juu yako ukiona inafaa. Ninachotaka ni unisikilize nilivoipokea, na mimi nisikie kwa upande wako ilikuwaje, labda kuna kitu nimekikosea ambacho sikijui. Af tukubaliane nikikosea tena ubaoni, mana nitakosea tu, nikosolewe hesabu, mambo ya kwetu na ninavoongea yasiingizwe. Na kama utaweza kuliambia darasa kwa sentensi moja tu kwamba hilo jina liachwe, utakuwa umenisaidia sana.

Mkuu wa idara sijamwambia, kiongozi wa darasa nae sijamwambia. Sisemi hivi kukutisha, ni ili ujue hili neno kwa sasa liko kwako tu.

Mimi Jumatano kuanzia saa nane sina kipindi, Ijumaa asubuhi pia niko huru. Ukiona siku nyingine ndo nzuri nijibu hapahapa nitakuja. Na lile swali la kugawa kwa 4 bado sijalipata vizuri, kwenye kitabu wameandika tu n - 1 wakapita, kwa hiyo tukimaliza hayo mengine naomba unieleweshe na hilo.

Ahsante Dokta.

Mwanafunzi wako wa safu ya tatu, upande wa dirishani