Joto la kilomita 30 angani si joto la ardhini

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu. Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila ya kukuandikia, lakini ile habari yenu ya kupasuka kwa mzunguko wa upepo wa ncha ya kaskazini imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba joto la ncha limepanda kwa nyuzi 50, kwamba joto hilo linaifukuza baridi kuja kusini, kisha mkawataka wasomaji wa Unguja na Pemba wajitayarishe kwa kaskazi ya baridi kali.

Hapa Wete jirani yangu aliisoma akaiamini. Karafuu zake zilikuwa zimekwishachambuliwa na makonyo yametengwa, majamvi yako tayari uani, lakini badala ya kuzianika alizifunga kwenye magunia akingojea hiyo baridi ipite. Jua liliwaka muda wote huo. Alipoyafungua magunia, karafuu zilikuwa zimefanya ukungu, na kituoni zikashushwa daraja. Bwana huyu si mzembe. Alichokosea ni kuliamini gazeti.

Kwanza, hizo nyuzi 50 hazikupanda mahali anapoishi mtu wala dubu. Zilipanda kwenye stratosfia, kiasi cha kilomita 30 juu, ambako hewa inaweza kutoka nyuzi 75 za Selsiasi chini ya sifuri ikafika 25 chini ya sifuri kwa siku chache, na bado ikawa ni barafu tupu. Wala joto hilo halitokani na jua, kwani wakati wa baridi ncha ya kaskazini imo gizani kwa miezi. Hewa ya huko juu hupoa gizani, na upepo mkali ukaizunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Huo ndio mzunguko mlioutaja. Milima mikubwa, pamoja na tofauti ya joto baina ya nchi kavu na bahari, huzusha mawimbi ya hewa yenye urefu wa maelfu ya kilomita, na baadhi yake hupanda hadi stratosfia, yakavunjika humo na kuupunguza kasi upepo ule. Upepo ukilegea, hewa husogea kuelekea ncha na kuzama, na katika kuzama hushindiliwa ikapata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukiisukuma. Mawimbi yakiubana mzunguko kutoka pande mbili, hukatika vipande viwili. Basi joto ni matokeo ya upepo kuvunjwa, halimfukuzi mtu wala hewa, na mwandishi wenu amekigeuza kisa chote miguu juu.

Pili, baridi inayowafika watu haiteremki kutoka kilomita 30. Tazama mwaka 2018. Tarehe 12 Februari upepo wa kilomita 30 kwenye latitudo ya 60 uligeuka ukavuma kutoka mashariki, na mzunguko ukapasuka, kipande kimoja kikikaa upande wa Amerika ya Kaskazini na kingine upande wa Ulaya na Asia. Athari yake iliteremka polepole: kanieneo ya hewa ikapanda upande wa Aktiki, njia ya kawaida ya pepo za magharibi zinazoipa Ulaya uvuguvugu wa bahari ikazibwa, na hewa baridi iliyokuwa imelala karibu na ardhi ya Urusi ikapata nafasi ya kwenda magharibi. Tarehe 26 Februari, wiki mbili baadaye, theluji ilianguka Roma. Na si kila joto la ghafla huishia hivyo. Mengine hubaki juu bila ya athari kubwa ardhini.

Sisi tuko kiasi cha latitudo ya 5 hadi 6 kusini mwa ikweta. Hewa inayoletwa na kaskazi hupita juu ya bahari yenye joto kwa safari ndefu kabla ya kutufikia, na baridi ya Roma haivuki bahari hiyo. La kusikitisha zaidi ni kwamba ukurasa mzima ulitolewa kwa hali ya hewa ya ncha ya dunia, na siku hiyo hiyo hapakuwa na mstari mmoja juu ya upepo na mawimbi ya Mkondo wa Pemba, ambamo vijana wetu huvua kila usiku.

Naomba, Mhariri, kila mtakapoiandika tena habari ya namna hii, chini ya kichwa chake mchape mambo manne: urefu kutoka usawa wa bahari ambako joto limepimwa, nyuzi za kabla na za baada pamoja na alama ya chini ya sifuri, tarehe ambayo upepo wa kilomita 30 uligeuka, na majina ya nchi ambazo watabiri wake wenyewe wameonya juu ya baridi. Kama upepo haujageuka, mseme wazi kwamba haujageuka. Na kama Zanzibar haimo katika orodha hiyo, mwandike kwa herufi nene kwamba karafuu zianikwe.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Wete, Pemba