Mdogo wangu, hiyo mishale ya kijani ihamishe

Mdogo wangu wa fomu tuu,

Mchoro wa mfumo wa kumeng'enya chakula ulionitumia wasapu nimeuona, umechora vizuri aisee, ila mishale ya kuonyesha chakula kinafyonzwa wapi umeijaza kwenye tumbo na hapo ndo nataka tuelewane kabla hujaupeleka kwa mwalimu.

Chukua sahani ya ugali, maharage na mchicha wa mafuta. Mdomoni meno yanasaga na mate yanaanza kuvunja wanga wa ugali, ndo maana ukitafuna tonge muda mrefu unasikia utamu, kisha linateremka kwenye umio. Hapo kote mshale hakuna. Tumboni asidi na pepsini zinaanza kukata protini za maharage, chakula kinakorogwa masaa mawili mpaka manne hivi kinakuwa kama uji, lakini kinachoingia kwenye damu pale ni kidogo mno. Kumeng'enya ni kitu kimoja, kufyonza ni kingine. Na ini na kongosho usipitishe chakula humo, chora tu mirija inayoleta nyongo na juisi ya kongosho kwenye duodeni.

Mishale yako ilete utumbo mwembamba, kuanzia hapohapo duodeni ambapo madini ya chuma ya mchicha ndo yanafyonzwa zaidi. Ukuta wake wa ndani umejaa vinyweleo vidogovidogo, sasa chora kimoja pembeni, kikubwa, uonyeshe kapilari na katikati lakteali, yaani kamrija ka limfu, manake njia ni mbili. Glukosi ya ugali na amino asidi za maharage zinaingia kapilari zinaenda moja kwa moja kwenye ini. Mafuta ya mchicha mengi yanaingia lakteali, yanapanda na limfu mpaka yanamwagwa kwenye mshipa wa damu chini ya shingo, yaani ini hayapitii kwanza.

Halafu maji. Wengi wanaweka mshale wa maji utumbo mpana tu, sio kweli. Kwa siku utumbo mwembamba unapokea majimaji kama lita 9, uliyokunywa ni kama lita 2 tu, mengine ni mate, juisi ya tumbo, nyongo na juisi zingine za mwili wenyewe, na sehemu kubwa inafyonzwa hapohapo. Utumbo mpana unapata lita moja na kitu, unayafyonza na chumvi zake, na makapi yanayobaki, nyuzinyuzi za mchicha zikiwemo, yanafika rektamu na kutoka mkunduni yakiwa na maji kidogo tu.

Ndo maana mgonjwa wa kipindupindu anapewa ORS, maji yenye sukari na chumvi pamoja. Seli za utumbo mwembamba zinaingiza glukosi na sodiamu kwa mpigo, maji yanafuata nyuma yake, na mlango huo unaendelea kufanya kazi hata mtu akiwa anaharisha vibaya. Kwa hiyo kwenye kile kinyweleo cha pembeni weka mshale mmoja wa glukosi na sodiamu, na wa bluu wa maji uuchore unaufuata.

Ukimaliza nitumie tena.