Malalamiko kuhusu dozi ya dawa ya kulaza mtoto na kuruhusiwa kwake akiwa bado usingizini

Chamwino, Dodoma
18 Machi 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Kituo cha Uchunguzi wa Mionzi,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MTOTO WA MIAKA MIWILI NA MIEZI MITATU ALIYELAZWA KWA DAWA KABLA YA SKANI YA CT

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mtoto aliyepigwa skani ya CT ya kichwa katika kituo chenu siku ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, baada ya kupata degedege mara mbili bila homa. Kwa kazi ni muuguzi wa dawa za usingizi, jambo ninalolitaja mapema ili mjue kwamba sina ugomvi na dawa yenyewe. Siku ile nilikuwa zamu ya usiku iliyochelewa kukabidhiwa, hivyo mtoto alipelekwa na bibi yake. Ninayoyaeleza nimeyapata kwa bibi, katika karatasi yenu ya uangalizi ambayo mlimpa nakala pamoja na picha, na kwa macho yangu mwenyewe kuanzia saa 4:50 asubuhi.

Karatasi yenu inaonyesha kwamba saa 3:10 asubuhi mtoto alinyweshwa klorali haidreti mililita 6 za dawa yenye miligramu 100 katika kila mililita, yaani miligramu 600. Kwenye nafasi ya uzito imeandikwa kilo 12. Bibi anasema, na nimemuuliza zaidi ya mara moja, kwamba mtoto hakupandishwa kwenye mzani wowote, bali yeye bibi aliulizwa umri wa mtoto tu. Kilo 12 si namba iliyookotwa, kwa kuwa ndiyo jibu la ile kanuni ya dharura ambayo wote tumefundishwa ya kuchukua miaka ya mtoto, kujumlisha 4, kisha kuzidisha kwa 2. Kanuni hiyo ni ya mtoto aliyeletwa hoi na hakuna nafasi ya kumpima. Mwanangu alifika kwa miadi, akitembea kwa miguu yake, na kadi yake ya kliniki iliyokuwa mkobani mwa bibi ilionyesha kilo 9.6, uzito uliochukuliwa wiki mbili kabla. Kwa kiwango mnachotumia cha miligramu 50 kwa kilo, alistahili miligramu 480, ambazo ni mililita 4.8. Dozi ya kwanza peke yake, kwa hiyo, ilikuwa imezidi kwa robo nzima.

Kosa hilo la kwanza huenda lisingeleta madhara makubwa. Lililonitia hofu zaidi ni la saa 3:35, ambapo karatasi inasomeka kwamba mtoto "bado anacheza", naye akaongezewa mililita 3. Zilikuwa zimepita dakika 25 tu. Klorali haidreti inayonyweshwa haiji kama dawa ya mshipani. Lazima ifyonzwe tumboni, kisha mwili uigeuze kuwa kemikali nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inayolaza. Watoto wengine husinzia baada ya dakika 20, wengine hufika dakika 45 hata saa nzima, na mtoto anayechangamka au kulialia kabla ya kusinzia si dalili kwamba dawa imeshindwa. Anayeongeza dozi katika dakika ya 25 anaongeza juu ya dozi ambayo bado iko njiani, na zote mbili hukutana kileleni baadaye, wakati ambao hakuna tena anayemtazama mtoto. Jumla aliyokunywa ni miligramu 900, karibu miligramu 94 kwa kila kilo ya mwili wake.

Nakiri kwamba viko vitabu vya dawa vinavyoruhusu kufika miligramu 100 kwa kilo. Lakini kiwango hicho kimewekwa kwa mahali ambapo mtu mmoja amepewa kazi ya kuangalia upumuaji na hana kazi nyingine, penye mfuko wa kupumulisha wa saizi ya mtoto na mashine ya kufyonza mate, na ambapo mtoto haondoki mpaka azinduke. Tena klorali haidreti haina dawa ya kuizima. Ninapompa mtoto midazolamu, ambayo nayo ni dawa ya kulaza, najua kwamba mambo yakiharibika ipo flumazenili ya kuizima, ingawa nayo huisha nguvu mapema na mtoto anaweza kuzama tena. Kwa klorali hakuna cha namna hiyo. Kilichopo ni kushika njia ya hewa na kusubiri, na kusubiri kwenyewe ni kwa muda mrefu, kwa sababu ile kemikali inayolaza huchukua saa 8 hadi 12 kupungua kwa nusu katika mwili wa mtoto.

Kuhusu uangalizi wenyewe, karatasi yenu ina safu za mapigo ya moyo, oksijeni na idadi ya pumzi kwa kila dakika 5. Zimejazwa mstari mmoja. Saa 4:05, mtoto alipoingizwa kwenye mashine, oksijeni iliandikwa asilimia 98 na mapigo 112, na safu ya pumzi ikaachwa wazi. Saa 4:15 skani ilikwisha na oksimita ikavuliwa kidoleni. Kuanzia hapo hadi saa 4:30 alipokabidhiwa kwa bibi hakuna alama yoyote ya kalamu. Naomba ieleweke kwamba oksimita haipimi kupumua. Inapima oksijeni iliyomo kwenye damu, na namba yake huanza kushuka baada ya pumzi kuwa zimekwisha kupungua, na huchelewa zaidi ikiwa mtoto amewekewa oksijeni puani. Anayetaka kujua kama mtoto anapumua hutazama kifua na tumbo, huhesabu kwa dakika nzima, na husikiliza. Kukoroma kwa mtoto aliyelazwa kwa dawa ni sauti ya hewa inayopita kwa shida nyuma ya ulimi. Mwanangu ana tezi kubwa za kooni na hukoroma hata usiku wa kawaida, jambo ambalo swali moja tu kwa bibi lingelifichua kabla chupa haijafunguliwa.

Bibi, ambaye hakusomea udaktari, ndiye aliyeuliza. Alisema, "Mwanangu, mbona huyu anakoroma hivi?" Akajibiwa mapokezini kwamba ni dawa tu, atazindukia nyumbani. Kwa kuwa alikuwa na mkoba na bahasha ya picha, alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, kama ambavyo bibi yeyote angefanya, akatembea hadi kwenye daladala. Mtoto wa umri huu ana kisogo kikubwa, na akiwa amelegea kwa dawa shingo haina nguvu, kidevu huangukia kifuani na kukunja njia ya hewa. Ndani ya kituo chenu alikuwa akiguswa, akigeuzwa na kusikia sauti, na hayo yote humzuia mtoto asizame sana. Mgongoni palikuwa pametulia na pana joto. Na ilikuwa yapata saa nzima tangu dozi ya pili, wakati ambao dawa hukaribia ukali wake.

Niliwakuta stendi ya Nanenane saa 4:50. Niliposhusha kanga niliona ngozi ya katikati ya mbavu ikiingia ndani kila anapovuta hewa, tumbo likiinuka huku kifua kikibaki nyuma, na midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Nilihesabu pumzi 12 kwa dakika, na kati yake palikuwa na ukimya ambao ulinifanya nisimame kuhesabu na kumfinya. Mtoto wa umri wake aliyelala kwa kawaida huvuta pumzi 20 na zaidi. Nilimlaza kwenye benchi la abiria, nikakunja kanga na kuiweka chini ya mabega, si chini ya kichwa, kisha nikainua taya lake kwa vidole nyuma ya pembe zake. Mkoromo ulikatika palepale na kifua kikapanda. Dakika moja baadaye midomo ilianza kurudi rangi. Dereva wa bajaji alitukimbiza hospitali ya rufaa huku taya nimelishika njia nzima, kwa sababu kila nilipojaribu kuliachia mkoromo ulirudi. Mapokezi ya dharura walipima oksijeni asilimia 89 bila msaada wowote. Aliwekewa oksijeni na kulazwa upande, muuguzi akakaa naye, na aliamka na kuomba maji saa 10 jioni. Tuliruhusiwa saa 2 usiku.

Nataja saa hizo kwa makusudi. Kutoka dozi ya mwisho hadi mtoto kuamka mwenyewe zilipita zaidi ya saa 6, na ninyi mlimtoa kabla ya saa 1 kutimia. Kipimo ambacho sisi tunaofanya kazi hii tunakitumia ni rahisi na hakihitaji mashine: mtoto aliyezinduka aachwe mahali tulivu, asitikiswe wala kusemeshwa, na kama atabaki macho kwa dakika 20 bila kusinzia tena, akashika kichwa chake na kunywa bila kupaliwa, hapo ndipo mazungumzo ya kwenda nyumbani yanapoanza. Mtoto anayefungua macho akiitwa na kuyafumba akiachwa hajazinduka.

Ninaomba mnipatie kwa maandishi, ndani ya siku 14, jina na cheo cha aliyeamua dozi ya pili na cha aliyepangiwa kumwangalia mtoto kati ya saa 4:15 na 4:30, kama alikuwepo. Ninaomba pia mnirudishie gharama za hospitali ya rufaa, ambazo risiti zake nimeambatisha. Fedha ya skani siidai, kwa kuwa picha ni nzuri na daktari wake anaitumia. La uzito zaidi kwangu ni kwamba, hadi mtakaponijibu, msinyweshe mtoto mwingine dawa hii bila mzani chumbani na bila kitanda cha kuzindukia chenye mtu wake. Skani ya kichwa ya CT yenyewe ni ya muda mfupi mno, na watoto wengi wa umri huu hupigwa wakiwa katika usingizi wao wa mchana, wakiamshwa mapema alfajiri na kuletwa wakati wanasinzia. Kwa mwanangu jambo hilo halikujaribiwa wala kutajwa.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, pamoja na nakala ya karatasi yenu ya uangalizi na ya kadi ya kliniki.

Wenu mwaminifu,

Mama mzazi wa mtoto
(Jina, saini na namba ya kadi ya mgonjwa viko kwenye kiambatisho)